Asilimia 44 ya Nini?

Novemba 2008 kampuni ya AstraZeneca ilikuwa na habari ya kujivunia. Dawa yake ya kupunguza lehemu, rosuvastatini, ambayo madukani hujulikana kwa jina la Crestor, ilikuwa imejaribiwa kwa watu 17,802 katika nchi 26. Matokeo yalisomwa mbele ya wataalamu wa moyo waliokutana New Orleans, Marekani, na yakachapwa siku hiyohiyo katika jarida la New England Journal of Medicine. Jaribio lenyewe liliitwa JUPITER. Namba iliyotangulia mbele katika taarifa kwa vyombo vya habari, kisha ikazunguka dunia nzima magazetini, ilikuwa moja tu: dawa hii inapunguza hatari ya mshtuko wa moyo, kiharusi na mengine ya aina hiyo kwa asilimia 44.

Msomaji wa kawaida akiiona namba hiyo hufanya hesabu ya haraka kichwani. Watu 100 wakimeza dawa, 44 wataokoka. Hesabu hiyo si ya kijinga, kwa sababu sentensi yenyewe imeandikwa kwa namna ya kuialika. Lakini si kweli, na haikaribii hata kidogo kuwa kweli. Ili kuona kwa nini, inabidi tuiache taarifa ya kampuni tufungue jedwali la matokeo, kwa kuwa huko ndiko waliko watu. Kwenye taarifa kuna asilimia tu.

Walioshirikishwa walikuwa wanaume wa miaka 50 na zaidi na wanawake wa miaka 60 na zaidi. Hawakuwa wagonjwa wa moyo. Lehemu yao mbaya ilikuwa chini ya miligramu 130 kwa desilita, kiwango ambacho wakati ule daktari angekiangalia na kumruhusu mtu aende zake nyumbani. Kilichowatofautisha na wengine ni kwamba protini moja ya damu iitwayo CRP, ambayo hupanda mwili unapokuwa na uvimbe wa ndani, ilikuwa juu kwao. Waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili yenye watu 8,901 kila moja. Kundi moja lilipewa miligramu 20 za rosuvastatini kila siku, na la pili likapewa kidonge kinachofanana na hicho kwa sura lakini kisicho na dawa ndani. Jaribio lilipangwa kwenda miaka kadhaa, lakini lilisimamishwa mapema baada ya dalili za mafanikio kuonekana, kwa hiyo kwa wastani kila mtu alifuatiliwa kwa miaka 1.9.

Sasa jedwali. Katika kundi la kidonge kitupu, watu 251 walipatwa na moja ya matukio yaliyokuwa yakihesabiwa. Katika kundi la dawa, 142.

Chukua 251 ugawe kwa 8,901. Unapata asilimia 2.8. Chukua 142 ugawe kwa idadi hiyohiyo, unapata asilimia 1.6. Kwa lugha ya watu, kati ya kila 1,000 wasiopewa dawa, 28 walipata tatizo ndani ya karibu miaka miwili, na kati ya kila 1,000 waliopewa dawa, walipata 16. Dawa ilipunguza watu 12 katika kila 1,000.

Hiyo 44 basi imetoka wapi? Imetoka katika kulinganisha 12 na 28, si 12 na 1,000. Ukiuliza, "Kati ya wale wachache ambao wangepatwa, ni sehemu gani iliepushwa?" jibu ni kama asilimia 43. (Watafiti waliandika 44 kwa sababu fomula yao huangalia pia tukio lilitokea lini, si kama lilitokea tu. Ndiyo maana kikokotoo cha simu yako kitakosana nao kwa nukta moja, na wala si wewe uliyekosea.) Hili ndilo wataalamu wanaliita punguzo la hatari kwa uwiano. Ukiuliza badala yake, "Kati ya watu wote waliomeza dawa, ni wangapi waliepushwa?" jibu ni asilimia 1.2. Hilo ndilo punguzo halisi.

Namba zote mbili ni za kweli na zimetoka katika jaribio lilelile, kwa watu walewale. Hakuna aliyesema uongo. Ila moja humfanya mtu avute kiti asikilize, na nyingine humfanya aulize bei kwanza, na si jambo la kushangaza kwamba idara ya matangazo ya kampuni huchagua ile ya kwanza. Kinachonisumbua mimi ni sisi waandishi. Taarifa ikishafika kwenye meza ya habari saa kumi jioni, huku ukurasa unasubiri, namba iliyo kwenye kichwa cha taarifa inahamia kwenye kichwa cha gazeti bila kupita popote katikati.

Kuna njia ya tatu ya kusema jambo hilohilo, na kwa maoni yangu ndiyo inayoeleweka kwa haraka kuliko zote. Mwaka 1988 watafiti watatu, Andreas Laupacis, David Sackett na Robin Roberts, walipendekeza madaktari waache kusumbuana na asilimia, waulize swali moja: ni watu wangapi wanapaswa kutibiwa ili mmoja apate faida? Hesabu yake ni nyepesi. Unachukua 100 na kuigawa kwa punguzo halisi lililoandikwa kwa asilimia. Kwa JUPITER ni 100 gawanya kwa 1.225, nayo inatoa 82. Watu 82 wameze rosuvastatini kila siku kwa karibu miaka miwili ili mmoja wao aepuke tukio ambalo lingempata.

Hapo watu wengi hupotoka kidogo, kwa hiyo tuwaangalie hao 82 kwa karibu. Wasingepewa dawa yoyote, wawili au watatu kati yao wangepatwa na tatizo. Wakipewa dawa, bado mmoja hivi anapatwa, licha ya kumeza kwa uaminifu. Mmoja anaepushwa. Waliobaki, kama 80, walikuwa salama tangu mwanzo na wangekuwa salama hata bila kidonge. Wamemeza vidonge karibu 700 kila mmoja, na kwa kipindi hicho hawakupata chochote cha kuepuka. Ugumu ni kwamba hakuna anayejua yeye ni yupi. Aliyeepushwa hatajua kamwe kwamba ni yeye. Na yule aliyekuwa salama siku zote ataapa kwamba dawa imemsaidia.

Je, 82 ni namba nzuri au mbaya? Haiwezi kujibiwa hivihivi. Inategemea kinachoepushwa ni nini, dawa inagharimu kiasi gani, na inadhuru nani. Tuanze na kinachoepushwa, maana hapo pana jambo ambalo taarifa za kampuni hulipitia haraka sana.

Yale matukio 251 na 142 hayakuwa ya aina moja. Watafiti waliweka kwenye kapu moja kifo cha moyo, mshtuko wa moyo, kiharusi, kulazwa kwa maumivu makali ya kifua, na pia kufanyiwa utaratibu wa kuzibua mishipa ya damu. Kuweka hivyo si hila. Ni desturi ya majaribio mengi, kwa sababu matukio yakiwa mengi majibu hupatikana mapema na kwa watu wachache zaidi. Lakini kuzibuliwa mshipa si sawa na kufa. Mara nyingi ni uamuzi wa daktari na mgonjwa, na hutegemea kama hospitali iliyo karibu ina mtambo na mtaalamu. Mtu wa Sumbawanga mwenye mshipa ulioziba kiasi hichohicho huenda asiingie kabisa kwenye hesabu ya namna hiyo, kwa kuwa huduma yenyewe iko mbali naye.

Ukitoa kwenye kapu uzibuaji wa mishipa na kulazwa kwa maumivu ya kifua, ukabakiza mshtuko wa moyo, kiharusi na kifo cha moyo tu, matukio yanakuwa 157 upande wa kidonge kitupu na 83 upande wa dawa. Angalia kinachofuata. Punguzo kwa uwiano linapanda kidogo, linakuwa asilimia 47, na kampuni ingeweza kulitangaza kwa furaha ileile. Lakini idadi ya watu wa kutibiwa ili mmoja afaidike inapanda kutoka 82 hadi 120. Ukibakiza mshtuko wa moyo peke yake, 68 dhidi ya 31, uwiano unavutia zaidi, asilimia 54, huku wanaohitaji kutibiwa wakiwa 241. Kadiri tukio linavyokuwa adimu, ndivyo asilimia ya uwiano inavyoweza kupaa huku faida ya mtu mmojammoja ikipungua. Taarifa yenye asilimia kubwa mno na jina la ugonjwa mmoja mahususi ni ya kusomwa mara mbili.

Kisha kuna madhara. Katika JUPITER, madaktari waliripoti wagonjwa wapya wa kisukari 270 katika kundi la dawa na 216 katika kundi la kidonge kitupu. Hapa ndipo utaona ufundi wa uandishi wa matangazo ukifanya kazi. Jambo hili nalo lina sura mbili. Unaweza kusema kisukari kiliongezeka kwa asilimia 25. Unaweza pia kusema kilitoka asilimia 2.4 hadi asilimia 3.0, tofauti ya watu 6 katika kila 1,000. Katika taarifa nyingi za dawa mpya nilizowahi kuzisoma, za dawa hii na za nyingine, faida huja kwa uwiano na madhara huja kwa uhalisia: dawa inapunguza hatari kwa asilimia 44, na kisukari kiliripotiwa kwa asilimia 3.0 dhidi ya 2.4. Msomaji analinganisha 44 na tofauti ya 0.6 bila kujua kwamba amepewa vipimo viwili tofauti, na kinachoonekana mbele yake ni mlima kando ya kichuguu.

Viweke kwenye kipimo kimoja na picha inabadilika. Kwa kila watu 1,000 waliotumia dawa kwa karibu miaka miwili, 12 waliepushwa na tukio la moyo au mishipa, na 6 waliongezeka kwenye orodha ya wenye kisukari. Bado mtu anaweza kusema dawa inafaa, na mimi mwenyewe naelekea huko: kiharusi kilichoepushwa ni uzito mwingine kabisa kuliko sukari iliyovuka mstari mapema kidogo kwa mtu ambaye pengine angeuvuka tu. Lakini sasa ni uamuzi wa kupima 12 na 6, jambo ambalo mtu mzima yeyote anaweza kulifanya, iwe kwa sauti mbele ya daktari wake au kimya kimya moyoni.

Mpaka hapa mtu anaweza kudhani kwamba asilimia ya uwiano ni ulaghai na punguzo halisi ndilo ukweli. Sivyo. Kila moja inajibu swali lake, na ili kuliona hilo tuirudie dawa ya jamii hiyohiyo iliyojaribiwa miaka 14 kabla, kwa watu wa aina nyingine kabisa.

Mwaka 1994 watafiti wa nchi za Skandinavia walichapisha jaribio linalojulikana kwa kifupi kama 4S. Walichukua watu 4,444 ambao tayari walikuwa wagonjwa wa moyo. Ama walishapata mshtuko wa moyo, ama walikuwa na maumivu ya kifua yatokanayo na mishipa ya moyo kuziba, na lehemu yao ilikuwa juu. Nusu walipewa simvastatini, nusu kidonge kitupu, wakafuatiliwa kwa miaka 5.4. Vifo vya moyo pamoja na mishtuko ya moyo viliwapata watu 622 kati ya 2,223 wasio na dawa, na 431 kati ya 2,221 waliopewa dawa. Kwa uwiano punguzo ni asilimia 34, dogo kuliko lile la JUPITER. Ukiziweka taarifa mbili za kampuni pamoja mezani, JUPITER inashinda.

Piga hesabu ya uhalisia. Asilimia 28 dhidi ya asilimia 19.4, tofauti ni 8.6. Watu 12 tu wanatosha kutibiwa ili mmoja aepuke. Ukihesabu vifo vyote, vya moyo na visivyo vya moyo, walikufa 256 upande mmoja na 182 upande wa pili, na inatosha kutibu watu 30 ili mmoja awe hai mwishoni mwa miaka hiyo.

Msomaji makini atanikatiza hapa: 4S ilikwenda miaka 5.4, JUPITER haikufika hata miwili, unalinganishaje? Ana haki. Idadi ya watu wa kutibiwa bila muda ulioambatana nayo haina maana yoyote, sawa na kusema gari limekwenda kilomita 80 bila kusema kwa saa ngapi. Kwa hiyo tugawe kwa miaka, tukikubali kwamba ni makadirio tu. Kwa kila mwaka wa matibabu, 4S iliepusha watu kama 16 katika kila 1,000, na JUPITER kama 6. Hata hivyo ile yenye asilimia ndogo kwenye kichwa cha habari ilikuwa na faida karibu mara mbili na nusu kwa mgonjwa mmoja, na kapu lake la matukio lilikuwa finyu zaidi.

Sababu si ubora wa dawa. Ni waliopewa. Wagonjwa wa 4S walikuwa kwenye hatari kubwa tangu mwanzo, na theluthi ya kitu kikubwa ni kubwa. Watu wa JUPITER walikuwa wazima, na karibu nusu ya kitu kidogo bado ni ndogo. Punguzo kwa uwiano hueleza zaidi tabia ya dawa, na mara nyingi hubaki karibu palepale ukiihamisha dawa kutoka kwa watu hawa kwenda kwa wale. Punguzo halisi hueleza dawa pamoja na mmezaji. Kwa hiyo kampuni haiwezi kukuandikia punguzo lako halisi kwenye taarifa, hata ikitaka. Haijui hatari yako ya kuanzia.

Daktari wako anaweza kuikadiria. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 chati mpya za hatari ya moyo na kiharusi, zilizopangwa kwa kanda 21 za dunia, na Afrika Mashariki ina yake. Ni miraba ya rangi, kijani hadi nyekundu iliyoiva. Daktari anatafuta mstari wa umri wako, jinsia, kama unavuta sigara, shinikizo lako la damu, kama una kisukari na lehemu yako ni kiasi gani, kisha kidole kinatua kwenye mraba wenye namba. Namba hiyo ni uwezekano wako, kwa asilimia, wa kupata mshtuko wa moyo au kiharusi ndani ya miaka 10 ijayo. Ipo pia chati isiyohitaji kipimo cha lehemu, kwa zahanati zisizo na maabara.

Tuseme dawa fulani hupunguza hatari kwa robo. Mama wa miaka 48 asiyevuta sigara, presha yake ikiwa sawa, anaweza kuangukia kwenye mraba wa asilimia 4. Robo ya 4 ni 1, hivyo hatari yake inashuka hadi 3, na wanahitajika akina mama 100 kama yeye, kwa miaka 10, ili mmoja afaidike. Mzee wa miaka 68 mwenye kisukari na presha ya juu anaweza kuangukia kwenye 24. Robo yake ni 6, anashuka hadi 18, na wazee 17 wanatosha. Kwenye tangazo wote wawili wangeahidiwa asilimia 25. (Namba hizi nimezichagua ili hesabu iwe rahisi. Za kwako ziko kwenye chati.) Ndiyo sababu swali, "Daktari, dawa hii inapunguza kwa asilimia ngapi?" halikufikishi mbali. Swali lenye jibu ni hili: "Daktari, watu 100 kama mimi wasipotumia, wangapi watapatwa katika miaka 10? Na wakitumia?"

Kuna onyo moja kuhusu majaribio yanayosimamishwa mapema kama JUPITER. Matokeo hupanda na kushuka kadiri matukio yanavyoingia. Ukisimamisha siku ambayo mstari uko juu kabisa, una uwezekano wa kunasa faida kubwa kidogo kuliko ile ambayo ingebaki baada ya miaka. Tena, hesabu ya miaka miwili haiwezi kukuambia kitu kuhusu mwaka wa kumi, ilhali dawa za lehemu humezwa maisha yote. Makadirio ya watafiti wenyewe wa JUPITER yalisema kwamba matibabu yakiendelea hadi miaka mitano, watu 25 wangetosha badala ya 82. Inawezekana kabisa, lakini idadi ya watu waliofuatiliwa muda wote huo ilikuwa ndogo mno, na sehemu kubwa ya namba hiyo ni mstari uliorefushwa kwa rula.

Nimekaa muda mrefu kwenye moyo. Nimalizie na taarifa ambayo inatugusa zaidi huku kwetu.

Juni 2024 kampuni ya Gilead ilitangaza matokeo ya lenakapaviri, sindano ya kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi inayochomwa mara mbili tu kwa mwaka. Jaribio hilo, PURPOSE 1, lilifanyika Afrika Kusini na Uganda kwa wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25. Kati ya 2,134 waliochomwa sindano, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Sifuri. Taarifa ikasema ufanisi ni asilimia 100, na safari hii, kwa jinsi ninavyoona mimi, shangwe ilistahili. Lakini hata 100 ni asilimia ya uwiano, na maswali ni yaleyale.

Kwanza, sifuri katika watu 2,134 si ahadi ya sifuri kwa wote. Kuna kanuni ya mkato ambayo watakwimu huitumia: ukiona sifuri, chukua 3 ugawe kwa ukubwa wa ulichokipima, hicho ndicho kiwango cha juu ambacho bado kinawezekana. Wanawake hao kwa pamoja walifuatiliwa jumla ya miaka 1,939, kwa hiyo maambukizi yangeweza kuwa hadi 1 au 2 kwa kila wanawake 1,000 kwa mwaka na bado jaribio likaonyesha sifuri. Miezi michache baadaye jaribio la pili, PURPOSE 2, lililofanyika kwa watu wengine, liliripoti maambukizi 2 kati ya watu 2,179. Dawa haikuharibika katikati. Ni mambo ya kutarajiwa ukiijua ile kanuni.

Pili, hatari ya kuanzia. Katika maeneo ya PURPOSE 1, watafiti walikadiria kwamba bila kinga yoyote ya dawa, wanawake 2.41 katika kila 100 wangeambukizwa kwa mwaka. Ukiondoa yote, punguzo halisi ni 2.41, na 100 gawanya kwa hiyo ni kama 41 na nusu. Wanawake 42 wachomwe kwa mwaka mzima ili mmoja asiambukizwe. Ukilinganisha na wale waliopewa vidonge vya kila siku vya kuzuia maambukizi, ambao waliambukizwa kwa kiwango cha 1.69, wanahitajika 59. Na mahali ambako anayeambukizwa ni mmoja kwa kila 1,000 kwa mwaka, sindano ileile yenye ufanisi uleule wa asilimia 100 inahitaji watu 1,000. Hesabu hii pia haimwoni yule mtu wa pili na wa tatu ambaye hataambukizwa kwa sababu wa kwanza hakuambukizwa. Kwa magonjwa ya kuambukiza faida ya kweli huwa kubwa kuliko namba inavyosema, jambo ambalo halipo kwenye lehemu.

Septemba 2025 ilitangazwa kwamba nakala za bei nafuu za sindano hiyo zitapatikana kuanzia 2027 katika nchi 120 za kipato cha chini na cha kati, kwa dola 40 kwa mtu kwa mwaka. Zidisha kwa 42, na kuepusha maambukizi mamoja kunagharimu dola 1,680 za dawa. Zidisha kwa 1,000, ni dola 40,000. Wizara yenye bajeti ya kuchoma watu wachache tu italazimika kuchagua wilaya na watu wa kuanza nao, na namba itakayowasaidia kuchagua haimo kwenye taarifa ya Gilead. Imo kwenye takwimu za maambukizi mapya za wilaya zenyewe.